Fundi cherehani wa Moshi: ubaki barazani, usajili jina la biashara, au ufungue kampuni?

Novemba moja nilikaa mbele ya mhasibu wa shule ya sekondari, hapa hapa Moshi, nikiwa na sketi tatu za mfano mikononi. Alizigeuza ndani nje, akavuta mshono wa kiunoni, akaangalia pindo. Kisha akasema, "Mama, kazi yako nimeipenda. Una leseni na TIN ya biashara?" TIN nilikuwa nayo, ile niliyochukulia leseni ya udereva. Akaniambia kwa upole kwamba hiyo si TIN ya biashara, na kwamba hundi ya shule haiwezi kuandikwa kwa jina la mtu aliyekaa barazani kwa watu. Sketi 120 zikaenda kwa mwingine.

Tangu siku hiyo nimesajili jina la biashara, na nimekaa karibu na fundi mwenzangu wa Pasua aliyefungua kampuni pamoja na mdogo wake. Wenzetu wengi wanaoshona kwenye baraza za maduka kuanzia Mbuyuni hadi Majengo wananiuliza swali moja: nianzie wapi? Hapa naziweka njia tatu ubavu kwa ubavu, kwa kazi ya sare za shule, maana ndiyo kazi inayomtoa fundi wa mjini kwetu kwenye gauni moja moja na kumpeleka kwenye oda.

Barazani

Fundi wa barazani hana gharama ya BRELA, wakala wa serikali anayesajili biashara na kampuni, na anayeuza chini ya shilingi milioni 4 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato. Kwa fundi anayeshona gauni za kitenge, kupunguza suruali za mitumba za soko la Memorial na kubadilisha zipu, hapo pana mantiki. Mteja wake anakuja na kitambaa chake, anatoa nusu ya ufundi, anarudi Jumamosi. Fundi hafungii pesa kwenye kitambaa, na asipolipwa anabaki na gauni mkononi.

Kinachombana ni aina ya mteja. Mama wa kitenge hahitaji karatasi. Shule, hoteli, hospitali na kampuni za kupandisha watalii mlimani zinahitaji, kwa sababu mhasibu wao naye ana mkaguzi wake. Fundi wa barazani hupata kazi hizo kwa mlango wa nyuma: mwenye duka aliyesajiliwa anachukua oda, anamgawia fundi, na anabaki na sehemu nono. Nimeshona hivyo misimu miwili. Shule ililipa sketi moja 18,000, mimi nikapewa 4,000 ya ufundi. Simlaumu aliyenipa, kwa sababu kitambaa kilikuwa chake na hatari ilikuwa yake. Lakini fundi anayejua hesabu hiyo ataona mapema kwamba kinachomkosesha pesa ni karatasi, wala si mkono wake.

Jina la biashara

Jina la biashara ni wewe mwenyewe ukivaa jina la duka. Sheria haikutenganishi nalo. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa BRELA wa ORS (ors.brela.go.tz) kwa namba yako ya NIDA, unatafuta kwanza kama jina unalotaka lipo huru, unajaza aina ya shughuli na anuani, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu. Ada ni 15,000 ya usajili na 5,000 ya utunzaji wa mwaka wa kwanza, jumla 20,000. Baada ya hapo ni 5,000 kila mwaka. Cheti unakichapisha mwenyewe. Jina likifanana mno na la mwingine linarudishwa, kwa hiyo weka pembeni majina mawili matatu kabla hujachora kibao.

Cheti ndicho kipande chepesi. Kizito kiko kwenye mkataba wa pango, na hapa ndipo nimeona mafundi wengi wakikwama. Kubadilisha TIN iwe ya biashara, TRA watataka barua ya serikali ya mtaa na mkataba unaoonyesha unafanyia wapi. Fundi wa barazani mara nyingi hana mkataba. Anamlipa mwenye duka mkononi, na mwenye duka naye ni mpangaji. Anayepanga kwa mwingine hawezi kukupa mkataba bila ruhusa ya mwenye nyumba. Ukiupata, unakuja na vitu viwili: ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango. Kisheria hiyo asilimia 10 ni kodi ya mwenye nyumba: wewe unaikata kwenye pango lake na kuipeleka TRA. Kwa hali halisi, wenye nyumba wengi wanataka pango lao lote, na mpangaji anailipa mwenyewe.

Tuseme chumba chako ni 80,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 960,000. Zuio ni 96,000 na stempu ni 9,600. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya ada ya BRELA, na hakuna anayekuambia unapoambiwa "kasajili tu, ni elfu ishirini". Lizungumze na mwenye nyumba kabla hujasaini. Mwambie, "Baba, kodi ya zuio nitaikata kwenye pango na nitakuletea stakabadhi yake." Wengine hukubali, kwa sababu stakabadhi hiyo inawasaidia wao wenyewe TRA. Wengine hupandisha pango kimya kimya. Bora ujue mapema ni wa aina gani.

Ukiwa na TIN, kibali cha kodi na mkataba, leseni ya biashara unaiomba halmashauri ya manispaa kupitia mfumo wa TAUSI. Hapo mlolongo umekamilika: cheti, TIN, leseni, kisha akaunti ya benki kwa jina la duka. Akaunti usiiache mwisho sana, maana hundi ya shule itaandikwa kwa jina hilo.

Kodi ya mapato kwa mwenye jina la biashara ni ya mtu binafsi, na mauzo yasipozidi milioni 100 kwa mwaka unaingia kwenye kodi ya makadirio, inayolipwa kwa awamu nne. Hapa ndipo ujuzi wa daftari unapogeuka pesa taslimu. Kwa jedwali lililoanza Julai 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu kamili hulipa 90,000, na juu yake asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7. Chukua fundi mwenye mauzo ya milioni 9. Bila daftari ni 250,000. Kwa daftari ni 90,000 na 60,000, yaani 150,000. Tofauti ni laki moja kila mwaka kwa kuandika tu. Bajeti inapopita kila Juni, pita TRA uangalie kama jedwali limeguswa.

Daftari lenyewe halihitaji mhasibu. Langu lina mistari ya tarehe, jina la mteja, kazi, pesa iliyoingia, na upande wa pili kitambaa, uzi, umeme, pango, mshahara wa msaidizi. Risiti ya kila jora naibana kwenye ukurasa wa siku hiyo kwa stepla. Kosa tunalolifanya mafundi ni kuchanganya pesa ya sokoni na pesa ya kitambaa kwenye mkoba mmoja. Mimi nilianza na laini mbili za simu, moja ya duka, moja ya nyumbani. Mauzo yakipanda TRA watakutaka uwe na EFD, mashine ya kutolea risiti, na aliyezoea daftari hapati shida nayo.

Kampuni

Kampuni ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria. Ina madeni yake, mali yake, kodi yake. Fundi mwenzangu wa Pasua alitaka hivyo kwa sababu ya mdogo wake: mmoja alileta mashine, mwingine alileta akiba, na walitaka iandikwe nani ana hisa ngapi. Hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote nilizozisikia. Nyingine ni mkataba mkubwa ambao ukienda vibaya ungekula nyumba yako. Ukishindwa deni kwa jina la biashara, mdai anakuja mpaka kwenye kochi lako. Kwa kampuni anaishia kwenye mali ya kampuni, isipokuwa pale ulipomwekea benki dhamana yako binafsi, na benki zetu hupenda sana kuitaka dhamana hiyo kwa mkopaji mdogo. Kwa hiyo kinga ya kampuni kwa fundi mdogo ni nyembamba kuliko inavyosemwa.

Gharama zake hizi hapa, pembeni ya nyingine:

| | Barazani | Jina la biashara | Kampuni |
|---|---|---|---|
| Kuanza BRELA | hakuna | 20,000 | 167,200, mtaji usiozidi milioni 1 |
| BRELA kila mwaka | hakuna | 5,000 | ritani, yaani taarifa ya mwaka, 22,000 |
| Kodi ya mapato | makadirio, mauzo yakizidi milioni 4 | makadirio | asilimia 30 ya faida |
| Deni likishindikana | lako | lako | la kampuni |
| Hesabu za mwaka | hiari, ila bila daftari unalipa zaidi | daftari lako | mhasibu aliyesajiliwa NBAA |

Mstari wa mwisho ndio unaoumiza. Kodi ya makadirio ni ya mtu binafsi tu. Kampuni haiingii humo hata ikiuza milioni 5. Inatakiwa hesabu zilizopitiwa na mhasibu mwenye usajili, na ritani TRA hata mwaka ambao haikushona kitambaa. Ukichelewa, adhabu ya kampuni ni mara tatu ya ile ya mtu binafsi. Wapo waliosajili kampuni kwa shauku ya tenda moja, tenda ikapita kushoto, wakaiacha ilale. Kampuni hailali. Inaendelea kudaiwa ritani BRELA na TRA mpaka uifunge rasmi. Jina la biashara ukiacha kazi unatoa taarifa, yanaisha.

Ni kweli kwamba kampuni inaweza kumlipa mwenye nayo mshahara, na mshahara huo ukapunguza faida inayotozwa asilimia 30. Mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi PAYE, kodi ya mshahara. Dada wa Pasua hufanya hivyo yeye na mdogo wake, na mwaka wao wa kwanza kodi ya kampuni ilikuwa ndogo. Lakini anayejilipa mshahara lazima auandike, aulipe kweli, na apeleke michango NSSF. Huo ni ujuzi wa ofisi, na kama humo ndani hakuna anayeupenda, utanunua kwa mhasibu kila mwezi.

Oda moja kwenye mizani

Nirudi kwenye zile sketi 120, kwa sababu msimu uliofuata nilizipata. Sketi moja ilikula mita 1.25 za kitambaa cha upana wa inchi 60, kwa 7,000 mita: 8,750. Zipu, kifungo na uzi 1,250. Jumla ya vifaa 10,000. Ufundi wa wasaidizi 3,500. Pango, umeme na usafiri niliugawa ukawa 1,000. Gharama 14,500, bei ya shule 18,000, kinachobaki 3,500 kwa sketi, yaani 420,000 kwa oda nzima.

Sasa angalia pesa inavyotembea. Vifaa vya sketi 120 ni 1,200,000 na ufundi ni 420,000, jumla 1,620,000, na vyote vinalipwa kabla shule haijaona kitu. Shule ilitoa tangulizi ya asilimia 30 ya 2,160,000, yaani 648,000. Pengo la 972,000 lilikuwa langu mpaka siku 30 baada ya kukabidhi. Oda ina faida ya laki nne, na inaweza kukuangusha kabla hujaifikia. Fundi asiyejua kuchora hesabu hii anasaini kwa furaha na anakuja kukopa kwa riba ya mtaani Desemba. Ukiwa kwenye kikundi kilichosajiliwa halmashauri, mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hauna riba, lakini hautoki kwa haraka ya oda. Uombe kabla ya msimu.

Mikataba ya shule niliyoiona haisemi mengi kuhusu tangulizi, kwa hiyo iandike mwenyewe: asilimia ngapi, siku ngapi baada ya kukabidhi, na nani anapokea na kusaini idadi. Sahihi ya mlinzi wa geti haitoshi. Mimi hupeleka karatasi mbili, mhasibu au mkuu wa stoo anasaini zote, moja inabaki kwangu.

Mkono nao unabadilika

Watu hudhani fundi mzuri wa gauni ni fundi mzuri wa oda. Ni kazi mbili. Barazani unampima mteja kwa futi, unakata kwa mwili wake. Kwenye oda hupimi wanafunzi 120. Unapima kumi na wawili wa maumbo tofauti, unatengeneza pateni za saizi nne au tano kwenye karatasi ngumu, unaandika saizi, idadi na uelekeo wa uzi wa kitambaa kwenye kila kipande. Kisha unakunjua kitambaa tabaka kwa tabaka juu ya meza ndefu na kupanga pateni kubwa kwanza, ndogo zikijaza mianya.

Mpangilio huo una bei. Nilipokata sketi moja moja kama gauni, nilitumia mita 1.4. Nilipopanga tabaka, 1.25. Tofauti ya sentimita 15 mara 120 ni mita 18, na kwa 7,000 hiyo ni 126,000, zaidi ya robo ya faida yote ya oda. Ujuzi huu haupatikani kwa cheti cha BRELA. VETA Moshi hufundisha ushonaji na ukataji, na kwa fundi aliyejifunzia barazani kuna utaratibu wao wa kurasimisha ujuzi, ambapo unapimwa kwa unachokijua na kupewa cheti bila kuanza upya. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wana mafunzo ya kuendesha biashara ndogo, bei na daftari. Ningeanza na SIDO kabla ya kulipa ada yoyote.

Kosa langu kubwa lilikuwa la rangi. Niliongeza jora la pili kwa ajili ya sketi za mwisho, bluu ile ile, duka lile lile. Chini ya taa ya chumbani zilifanana. Zilipofika uwanjani asubuhi, marinda ya mbele yalikuwa bluu moja na ya nyuma nyingine kwenye sketi tisa. Jora mbili za rangi moja zinaweza kutoka kwenye mapishi mawili tofauti ya kiwandani. Tangu hapo kila jora linapewa namba kwa chaki upande wa ndani, vipande vya sketi moja vinatoka jora moja, na rangi naiangalia nje kwenye jua, kamwe si kwa balbu.

Kipimo cha kusinyaa ni cha dakika chache, na hakuna anayekikumbuka. Kata mraba wa sentimita 50, uloweke usiku, anika, piga pasi, pima tena. Ukipata 48, kitambaa kinapoteza asilimia 4, na sketi ya sentimita 70 itapanda karibu sentimita 3 baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Kaki ya pamba hufanya hivyo zaidi ya tetroni. Ama loweka jora zima kabla ya kukata, ama ongeza pindo.

Ningemwambia nani nini

Fundi mwenye wateja wa kitenge na mauzo yasiyofika milioni 4, na asiyetaka oda, abaki barazani bila haya. Fundi aliyekwisha kushonea sare kwa kugawiwa misimu miwili, anayejua bei ya sketi moja kwa kalamu, asajili jina la biashara mwaka huu, tena Machi au Aprili, akipata nafasi ya kumaliza mkataba wa pango, TIN na leseni kabla ya Oktoba shule zinapoanza kuuliza. Anayeuza kwa taasisi za serikali ajue zabuni zinapita kwenye mfumo wa NeST, na jina la biashara lenye TIN na leseni linatosha kujisajili humo. Kampuni si sharti.

Kampuni ningeiacha mpaka mambo mawili yatimie pamoja: kuna mwenzako anayeleta pesa au mashine na anataka hisa, na kazi ya mwaka inaweza kumlipa mhasibu bila kugusa pesa ya kitambaa. Dada wa Pasua alitimiza la kwanza tu. Mwaka wa pili alilazimika kuchukua oda za overoli za gereji moja ili alipe hesabu za mwaka, na overoli hazikuwa kazi yake. Sasa amenunua ovaloki ya pili, mdogo wake anakaa na daftari asubuhi nzima ya Jumatatu, na mashine za cherehani hazianzi kulia mpaka risiti za wiki iliyopita zimebanwa zote.